Barua moja haiingii milango mitatu

Kiswahili si lugha ya toni. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika idara yetu analijua hilo: Kiluba na Kibemba hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, Kiswahili hakifanyi hivyo. Lakini barua ya Kiswahili ina toni yake, na toni hiyo hubadilisha maana vilevile. Maneno yaleyale, “naomba staji ya mwezi mmoja”, yanaweza kusomeka kama ombi la kawaida katika biro ya serikali, kama kupotezeana wakati katika kampuni changa ya vijana, na kama ubaridi usio na adabu katika kampuni ya familia.

Nataka kutetea wazo moja katika kurasa hizi. Toni ya barua haitoki kwanza katika cheo cha anayeandikiwa, wala katika umri wake. Inatoka katika njia ambayo barua itapita baada ya kufika: nani ataipokea, nani ataisoma, nani ataamua, na karatasi yenyewe itakaa wapi. Anayeijua njia hiyo hupata toni bila kutafuta sana. Asiyeijua huandika barua moja na kuisambaza mji mzima.

Na hilo la pili ndilo tunalolifanya. Kila mwaka, staji zinapokaribia, wenzangu wa fakulte huniletea barua zao nizisome kabla hawajazipeleka. Nyingi ni barua moja tu iliyopita mkono hadi mkono, ambayo ndani yake hubadilika jina la mpokeaji na tarehe peke yake. Ni barua ya kuandikia serikali, nayo hupelekwa kwa muuza unga na kwa kijana mwenye programu ya simu. Anayekosa jibu hukosa staji, asiye na staji hana ripoti, na asiye na ripoti hafungi mwaka. Hapa hatuzungumzii madoido ya lugha.

Katika masomo ya pragmatiki tunafundishwa nadharia ya Penelope Brown na Stephen Levinson, waliosema kwamba uzito wa ombi hupimwa kwa mambo matatu: nguvu ya anayeombwa juu ya anayeomba, umbali kati yao, na ukubwa wa kitu kinachoombwa. Ni kipimo kizuri, lakini kinachukulia watu wawili wanaokabiliana. Barua ya ofisini mara nyingi haina watu wawili. Kwa hiyo, kwa kazi yetu, napendelea kutenganisha mambo matatu ambayo tunayachanganya: urasmi, heshima na ukaribu. Urasmi ni utii kwa umbo la karatasi. Heshima ni namna ya kumtambua mtu au kiti. Ukaribu ni kuonyesha kwamba tunafahamiana au tunaweza kufahamiana. Barua inaweza kuwa na urasmi mwingi bila ukaribu wowote, au heshima kubwa yenye urasmi mdogo. Tukiamini kwamba mambo haya hupanda na kushuka pamoja, tutakosea katika milango miwili kati ya mitatu.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa lugha za Afrika, hapa Lubumbashi, anatafuta staji ya mwezi mmoja katika tafsiri na mawasiliano kwa Kiswahili. Anaandika kwa divisheni moja ya jimbo, kwa kampuni ya familia inayosaga mahindi na kuuza unga, na kwa kampuni changa inayopeleka bidhaa nyumbani kwa maagizo ya simu. Ombi ni lilelile, mwezi ni uleule.

Tuanze na serikali. Kwa kawaida barua hii itaandikwa kwa Kifaransa, kwa sababu ibara ya kwanza ya Katiba ya 2006 inakiita Kifaransa lugha rasmi, na Kiswahili, pamoja na Kikongo, Lingala na Kiluba cha Kasai, lugha ya taifa. Lakini ninachosema kinahusu Kifaransa na Kiswahili sawasawa, na mifano nitaiandika kwa Kiswahili ili tuone lugha yetu inafanya nini.

Barua ikifika divisheni, Mkuu wa Divisheni si wa kwanza kuiona. Sekretarieti inaipokea, inaigonga muhuri, inaiandika katika daftari na kuipa namba. Baadaye inaingia kwa mkuu ndani ya faili pamoja na nyingine nyingi. Yeye anasoma mstari wa “Kuhusu”, anatupia macho aya ya kwanza, na pembeni anaandika maneno mawili matatu ya kuituma kwa mkuu wa huduma fulani. Huyo wa pili ndiye anayeisoma yote. Baada ya miezi sita, mtu mwingine kabisa anaweza kuitafuta kwa namba yake. Barua hii basi ina wasomaji wanne au watano, na hakuna hata mmoja ambaye mwandishi anazungumza naye moja kwa moja. Ndiyo maana inataka urasmi mwingi, heshima kwa kiti, na ukaribu sifuri:

“Kuhusu: Ombi la staji ya mwezi mmoja katika huduma ya mawasiliano.
Bwana Mkuu wa Divisheni,
Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika idara ya lugha za Afrika. Kwa barua hii naomba nipokelewe kwa staji ya mwezi mmoja, kuanzia tarehe 3 hadi tarehe 31 Machi, kama programu ya masomo inavyotaka. Barua ya fakulte na nakala ya kadi ya mwanafunzi zimeambatanishwa.
Pokea, Bwana Mkuu wa Divisheni, heshima zangu.”

Tazameni kitenzi: nipokelewe. Ni hali ya kutendwa, na mtendaji hatajwi. Sijasema “unipokee”, kwa sababu mkuu mwenyewe hatanipokea. Ni ofisi itakayonipokea, kwa mkono wa yeyote atakayetumwa. Kutendwa huku kunaiacha barua iwe kweli mkononi mwa kila msomaji wake. Jina la mkuu pia halipo. Akihamishwa kesho, barua bado ni halali, kwa sababu iliandikiwa kiti.

Sasa linganisheni na sentensi ninayoikuta katika barua nyingi za wenzangu: “Nina heshima ya kuja mbele ya utu wenu wa juu ili kuomba kama inavyoonyeshwa katika kichwa.” Hicho ni Kifaransa kilichovaa nguo za Kiswahili. Tena si urasmi, bali ni kujishusha, na hivyo ni vitu viwili. Urasmi unamsaidia sekretari kuiweka barua mahali pake; kujishusha hakumsaidii mtu. Mkuu wa huduma anayetafuta tarehe na muda wa staji analazimika kuvuka mistari mitatu ya sifa kabla hajavipata. Barua fupi yenye cheo sahihi, tarehe na viambatanisho ina heshima zaidi kuliko ile.

Kuna jambo jingine la toni ambalo wengi hawalioni kama toni: orodha ya “Nakala kwa” chini ya barua. Ukipeleka nakala kwa waziri wa jimbo katika ombi la staji, umebadilisha ombi kuwa mashtaka. Mkuu wa Divisheni atasoma kwamba humwamini, hata kama kila sentensi ya juu yake ni ya upole. Nakala ya kufaa ni ya fakulte yako. Na nakala muhimu kuliko zote ni ile unayobaki nayo, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Wiki mbili baadaye unarudi nayo sekretarieti na kuuliza habari za namba, si habari za mtu. Swali la namba halimuudhi yeyote.

Mlango wa pili ni kampuni ya familia. Hapa njia ya barua ni tofauti kabisa. Mara nyingi unaipeleka mwenyewe kwa mkono, unampa binti au mpwa aliye kwenye kaunta, naye anaiingiza nyuma kwa mzee. Mzee anaisoma au anasomewa. Kisha anauliza swali ambalo halimo katika barua: “Huyu ni mtoto wa nani?” Uamuzi unafanyika kwa mazungumzo, pengine nyumbani jioni, kati ya mzee, mke wake na mtoto anayeshika hesabu. Karatasi yenyewe haina daftari wala namba. Inabaki mezani chini ya kikokotoo mpaka mtu akumbuke uso wa aliyeileta.

Barua hii inataka heshima kubwa, tena kwa watu na si kwa kiti. Urasmi uwe wa wastani. Ukaribu uwepo, lakini ule ulio wa kweli tu:

“Kwa Mzee mwenye kampuni, pamoja na Mama Mkurugenzi,
Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, naishi Kamalondo, na nyumbani tunanunua unga wenu. Ninaomba mnipokee kwa mwezi mmoja, tangu tarehe 3 Machi, nijifunze kazi kwenu na kusaidia katika maandishi ya Kiswahili: mabango, mifuko, na matangazo ya redio. Fakulte haiombi malipo kwenu. Nitafika Jumatatu kuwasalimu na kusikia mtakavyoona.”

Kitenzi kimebadilika: mnipokee. Kwetu Kongo wingi huu unabeba mambo mawili kwa pamoja. Wengi wetu tunautumia kwa heshima tunapozungumza na mtu mzima mmoja, kama tunavyosema “jambo yenu” kwa baba mmoja aliyeketi peke yake. Lakini katika kampuni ya familia ni wingi wa kweli pia, kwa sababu watakaoamua ni wengi. Neno moja linamheshimu mzee na linawatambua walio nyuma yake. Kifaransa nacho kina wingi wa heshima, lakini ombi letu la kiofisi haliutumii hivi. Hapa Kiswahili chetu kinafanya kazi nzuri sana bila kuambiwa.

Maneno “Mama Mkurugenzi” yanahitaji uangalifu. Katika kampuni nyingi za namna hii mzee ndiye mwanzilishi, lakini binti au mtoto wa kiume ndiye anayeongoza kila siku. Ukimwandikia mzee peke yake, umemdharau anayefanya kazi. Ukimwandikia binti peke yake, umemzika mzee akiwa hai. Kuwataja wote wawili, mzee kwanza, kunamaliza tatizo. Kama hujui nani ni nani, muulize aliye kwenye kaunta kabla ya kuandika. Ni swali la adabu, na jibu hupatikana.

Kosa la upande wa pili ni kujifanya ndugu. “Baba yangu mpendwa”, kwa mtu ambaye hujawahi kumsalimu, si ukaribu bali ni kudai. Mwenye mali amezoea kuombwa na ndugu, na barua inayoanza kwa undugu inamfanya aikumbuke pochi yake kabla ya kufika kwenye ombi. Ndiyo maana sentensi kuhusu malipo ni muhimu, na inasemwa mapema. “Mzee” linatosha. “Baba” na “Papa” ni maneno ya mdomo, yanafaa siku ya Jumatatu ukiwa umesimama mbele yake.

Tena, katika barua hii hutaji kasoro. Huenda mfuko wa unga umeandikwa kwa makosa matatu ya tahajia na wewe umeyaona. Usiyaandike. Aliyeandika maneno yale pengine ni mzee mwenyewe, na karatasi yako itasomwa mbele ya watoto wake. Jambo hilo linasubiri wiki ya pili ya staji, kwa mdomo, mkiwa wawili.

Mlango wa tatu ni kampuni changa. Nchini mwetu aina hii ina hata sheria yake, tangu amri yenye nguvu ya sheria ya Septemba 2022 kuhusu ujasiriamali na kampuni changa. Njia ya barua hapa ni fupi: barua pepe au ujumbe wa WhatsApp, unasomwa kwenye simu na mmoja wa waanzilishi kati ya shughuli mbili. Akivutiwa, hauandiki pembeni, anautuma mbele kwa mwenzake na maneno kama “tazama huyu”. Asipovutiwa katika mistari mitatu ya kwanza, ujumbe unashuka chini ya nyingine na hautapanda tena. Hakuna sekretari, na hakuna mzee wa kuukumbusha.

“Habari za leo. Mimi ni mwanafunzi wa lugha za Afrika, mwaka wa tatu. Nimetumia programu yenu wiki mbili. Ujumbe unaomfikia mteja bidhaa inapochelewa ni wa Kifaransa tu, na wauzaji wawili wa soko la Katuba waliniomba niwaeleze maana yake. Naweza kuandika ujumbe wenu wote kwa Kiswahili cha mji, kuujaribu kwa wateja na kuwapa matokeo katika mwezi mmoja, kuanzia tarehe 3 Machi. Mifano mitatu iko hapa chini. Tunaweza kuzungumza dakika kumi wiki hii?”

Hapa kitenzi kikuu si cha kupokelewa wala cha kupokea. Ni naweza, nafsi ya kwanza, hali ya kutenda. Ombi lenyewe limejificha ndani ya pendekezo. Hata neno staji halikutajwa, litatajwa katika mazungumzo. Na kasoro, ambayo kwa mzee ni mwiko, hapa ndiyo mlango wa kuingilia, kwa sababu waanzilishi hulipwa kwa kuziba kasoro. Sharti ni kuitaja kwa ushahidi na kuleta dawa yake palepale. Anayesema tu “Kiswahili chenu ni kibaya” hatajibiwa.

Urasmi mdogo haumaanishi lugha ya kijiweni. Kijana wa miaka 26 akiitwa “Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu” anaona kwamba hukumtazama. Lakini akiitwa “kaka, vipi” anashindwa kuutuma ujumbe kwa mwenzake au kwa mfadhili bila aibu. Kumbukeni kwamba kutumwa mbele ndiko kugongwa muhuri kwa kampuni changa. Andika kitu ambacho msomaji wa pili, asiyekujua, anaweza kukisoma. Kisha, akikujibu, mfuate: akisaini kwa jina la kwanza, tumia jina la kwanza, akiandika “wewe”, acha wingi wa heshima.

Mtaniuliza: tutajuaje mlango ni wa aina gani? Karatasi za sheria hazisaidii sana. Tangu nchi yetu ilipoingia OHADA mwaka 2012, kiwanda cha unga cha familia na kampuni changa ya simu vinaweza vyote viwili kusajiliwa kama SARL, umbo moja kabisa. Na wako vijana wenye programu nzuri ambao mwenye fedha ni baba yao. Hapo jina ni la kampuni changa lakini njia ya barua ni ya familia. Dalili bora ni kuuliza nani anatia sahihi malipo, na kutazama nani anajibu maswali ya wateja. Kama ni mtu mmoja mwenye umri na jina linaloandikwa ukutani, andika kwa wingi wa heshima. Kama majibu yanatoka kwa watu watatu kwa majina ya kwanza, andika kwa pendekezo. Kama kila jibu ni “leta barua”, tengeneza nakala mbili.

Baadhi ya walimu wetu hushikilia kwamba barua rasmi haimwudhi mtu, basi mwanafunzi aitumie kila mahali ili awe salama. Naelewa hoja hiyo, lakini siikubali. “Naomba nipokelewe”, mbele ya mzee wa unga, ina maana kwamba hujali nani atakupokea. Mbele ya kijana wa programu ina maana kwamba unasubiri ufanyiwe jambo. Kutoudhi si sawa na kujibiwa. Wenzangu wengine, kwa upande wao, wanasema umbo la barua ya serikali ni mabaki ya ukoloni na tulitupe. Kweli, Johannes Fabian ameonyesha katika kitabu chake cha 1986 jinsi utawala wa Wabelgiji ulivyokitumia Kiswahili hapa Katanga kama lugha ya kazi na ya amri. Lakini mstari wa “Kuhusu”, namba na muhuri ndivyo vinavyomwezesha mwanafunzi asiye na mjomba serikalini kuuliza barua yake iko wapi. Tutupe kujishusha, tuache daftari.

Ninachopendekeza kwa idara ni kidogo. Katika zoezi la uandishi, mwanafunzi apewe ombi moja na aandike barua tatu, kisha apigie mstari kitenzi kikuu cha kila moja na aeleze nani mtendaji wake. Kama vitenzi vitatu vinafanana, hajaandika barua tatu. Zoezi hilo linachukua saa mbili, na linaweza kufanyika kabla ya staji za mwaka huu.